Nguzo za ripoti ya fildi zianzie sifuri

Tuseme mwanafunzi amefanya fildi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huko Tukuyu. Daftari la mapokezi linasema lita 41,200 Januari, 39,800 Februari na 40,500 Machi. Anaziingiza Excel na kuchagua chati ya nguzo. Kwa kuwa tarakimu zimekaribiana, programu inaanzisha mhimili wima kwenye 39,000 badala ya sifuri. Nguzo ya Januari inakuwa na urefu wa 2,200 juu ya msingi huo, ya Februari 800 tu. Meneja anaona maziwa yameporomoka kwa zaidi ya nusu, wakati upungufu halisi ni lita 1,400, yaani kama asilimia 3.4.

Msomaji wa nguzo hasomi namba kwanza, anapima urefu kwa jicho. Ndiyo maana kwangu hili halina mjadala: nguzo ianzie sifuri. Bofya mhimili wima kwa kitufe cha kulia, fungua Format Axis, kisha andika 0 kwenye Minimum. Grafu ya mstari inaweza kuanzia juu zaidi, kwa sababu pale jicho linafuata mteremko, lakini mwanzo wa mhimili usomeke waziwazi.

Ukishaanzia sifuri, nguzo zote tatu zinakaribia kulingana, na wengi hapo huona chati haina habari. Habari ipo, ila kipimo ndicho kibaya. Februari hiyo ina siku 28. Gawanya lita kwa siku: Januari 1,329, Februari 1,421, Machi 1,306. Mwezi ulioonekana mbovu kuliko yote ndio ulioleta maziwa mengi zaidi kwa siku! Mtahini akikuuliza kwa nini wafugaji walipunguza maziwa Februari, nawe ukaanza kueleza habari za malisho na mvua, unatetea kitu ambacho hakikutokea.

Kwa hiyo chora wastani wa lita kwa siku, na maelezo yabebe hesabu hiyo: “Kielelezo 4.2: Wastani wa lita za maziwa zilizopokelewa kwa siku, Januari–Machi (jumla ya mwezi ÷ siku za mwezi). Chanzo: daftari la mapokezi la kituo.” Kwenye mhimili andika “Lita kwa siku”; “Kiasi” peke yake hakimwambii mtu kama ni lita, ndoo au shilingi. Jumla za mwezi ziweke kwenye jedwali, mtahini aweze kurudia hesabu mwenyewe.

Namba iandikwe juu ya kila nguzo. Kama unalinganisha vituo viwili, usitegemee rangi pekee: ripoti nyingi huishia kutolewa kopi nyeusi na nyeupe stesheneri, na hapo bluu na nyekundu hugeuka kijivu kilekile. Jina la kituo liandikwe chini ya nguzo yake. Mapambo ya pande tatu yaache, yanafanya kilele cha nguzo kisijulikane kinagusa mstari upi.