Pacha wawili, gari moja, nani kakwambia watagawana?

Juzijuzi kaka yangu kaja kutoka Dar na treni. Kashuka hapa Tabora kachoka, vumbi mpaka kwenye kope, nikampokea stesheni kwa heshima zote, nyumbani Isevya jogoo kashachinjwa, maji ya kuoga ya moto yanamsubiri. Kala, kapumzika, kafungua begi, katoa boksi. Moja. Ndani kuna gari la rimoti, jekundu, taa zinawaka mbele na nyuma, zuri siwezi kukataa. "Kulwa, Doto, njooni, mjomba kawaletea gari, mtachezea pamoja eeh?" Wakaitikia eeh kwa sauti moja, wangesema nini mbele ya mgeni.

Hazikupita dakika kumi. Kulwa kashika rimoti kwa mikono miwili kama kashika sahani ya mboga, Doto kalala tumbo sakafuni anachomoa gari chini ya kabati, maana kila likikata kona linanasa kule kule. Likichomolewa, Kulwa anaendesha. Likinasa, Doto analala tumbo. Mmoja dereva mwenzie utingo, na utingo mpaka magharibi inaingia usukani hajaushika. Nikamwambia kaka, huyu mmoja umemletea zawadi, huyu mwingine umemletea ajira. Akacheka mpaka akapaliwa. "Aah Mama Kulwa nawe, pacha si kitu kimoja tu bana."

Sasa hapo ndo nilipokasirika, na hasira yenyewe bado haijaisha ndo maana naandika.

Pacha sio kitu kimoja. Ni watoto wawili waliobanana tumboni kwangu, na tangu wametoka hawajawahi kupata kitu ambacho hakina mwenzie pembeni anachungulia. Chumba kimoja, kitanda kimoja, chandarua kimoja, darasa moja, siku ya kuzaliwa moja. Halafu hata hiyo zawadi nayo iwe moja? Watu wanadhani zawadi ya wote wawili inagawanyika katikati kama mkate. Haigawanyiki hivyo. Inakuwa nzima ya yule mwenye mkono mwepesi, na yule mwingine anabaki na ruhusa ya kuangalia. Na kwa pacha ni mbaya kuliko kwa ndugu wa kawaida, kwa sababu ndugu wa kawaida walau unaweza kusema wewe ni mkubwa mwachie mdogo, au huyu mdogo subiri ukikua utapata. Ni uonevu, lakini ni uonevu wenye maelezo. Wangu wote wana miaka sita, wamepishana dakika ishirini, sasa Doto nimwambie asubiri akue mpaka lini? Dakika ishirini zijazo?

Na hata hilo jina. Mimi mtaa mzima naitwa Mama Kulwa, ndo mila yetu, anayetangulia ndo Kulwa na jina la mama linamfuata yeye. Sikuwahi kuliwaza. Siku moja Doto namsuka akaniuliza, "Mama, mama yangu mimi ni nani?" Nikajua anatania, kumbe hatanii. Nilishindwa kuendelea na ile mistari.

Basi turudi kwenye zawadi. Kitu nilichojifunza kwa machozi (ya kwao na yangu) ni kwamba mtoto hahesabu kama dukani. Wewe unahesabu shilingi, yeye anahesabu vitu, anaangalia ukubwa, anaangalia nani kapewa kwanza. Bibi yao akiwamiminia juisi moja kwenye glasi ndefu na nyingine kwenye kikombe kipana, hata apime kwa kikombe kilekile mbele ya macho yao, mwenye kikombe analia kapunjwa. Yule mwanasaikolojia wa Uswisi, Piaget, alishawapima watoto na maji na glasi hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, mtoto wa chini ya kama miaka saba macho yake yanafuata urefu. Kwa hiyo kumwambia "lakini ni sawasawa" ni kupoteza mate. Badilisha vyombo.

Na mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Alex Shaw na Kristina Olson, walichapisha jaribio lililonifurahisha sana. Waliwapa watoto wa miaka sita hadi minane raba tano za kufutia wawagawie wavulana wawili waliosafisha chumba. Mbili huku, mbili kule, ya tano iende wapi? Wengi walisema itupwe. Raba nzima, jalalani, kuliko mmoja apate zaidi! Nikacheka maana kwangu naiona kila wiki, nikibakiza pipi moja kwenye pakiti Doto ananirudishia, "kula wewe mama." Ila walipoambiwa mmoja wao kafanya kazi zaidi, wakampa yeye ile ya tano bila shida. Kwa hiyo mtoto anakubali mwenzie apate zaidi kama kuna sababu anayoiona. "Mjomba alipata moja tu dukani" sio sababu anayoiona.

Sasa kuna wale wanaosema basi nunua vinavyofanana, kwisha kazi. Haya, nilifanya. Walipotimiza minne nikanunua vidoli viwili, aina moja, kimoja gauni la pinki kingine la bluu. Wote wakataka pinki. Mwaka uliofuata nikajifanya nimejanjaruka, nikanunua viwavi viwili vya kuvuta na kamba, rangi ile ile, ukubwa ule ule, vyote kijani. Siku ya tatu kimoja kikavunjika gurudumu. Cha nani? Hakuna anayejua! Kila mmoja anashika kizima, "hiki changu, chake ndo kimevunjika", na mimi hakimu sina ushahidi. Nilijikuta nimevificha vyote viwili.

Vitu vya kufanana vinahitaji alama, na alama iwekwe kabla hujawapa, sio baada ya ugomvi, maana baada ya ugomvi alama yenyewe inakuwa kesi. Mimi sasa nachukua uzi, Kulwa mwekundu Doto mweupe, nafunga mahali pasipofika mkono, au naandika K na D kwa makapeni kwa chini. Kama rangi lazima zitofautiane, basi mkono kwenye mfuko bila kuangalia, unachotoa ndo chako. Ukichagua wewe, mtoto anakuchukia wewe. Mfuko ukichagua, atanuna kidogo halafu yataisha.

Ila walipofika sita nikaona kufanana hakutoshi tena, maana Kulwa huyu ni mpira tu, anacheza na wavulana wa mtaa mzima na wanamwogopa, na Doto anachora mpaka kwenye gunia la mkaa. Nikatenga 40,000, elfu ishirini kila mmoja. Kulwa mpira 12,000, pampu ya mkono 5,000, soksi ndefu za mpira 3,000. Imetimia. Doto rangi za maji 4,000, daftari kubwa la kuchorea 3,000, mkoba wa kubebea 6,000. Hapo ni 13,000, imebaki elfu saba. Mkono ukaniwasha niongeze kidoli ili hesabu ilingane. Nikajizuia. Ningeongeza, Doto angekuwa na vitu vinne na Kulwa vitatu, na shilingi hakuna anayeziona. Wakapata tatu kwa tatu, na elfu saba ikaingia kwenye sukari, nisamehewe.

Halafu mpira hata uufunge vipi unajulikana ni mpira, na ni mkubwa. Nikaomba dukani maboksi mawili ya sabuni yaliyolingana, kila mzigo ndani yake, karatasi moja ya kufungia, wakafungua kwa pamoja bibi akihesabu moja mbili tatu. Na nilihakikisha wote wanapata vya kucheza. Kumpa mmoja toi na mwenzie nguo ni kumpiga kofi, hata nguo iwe ya laki. Nguo ni wajibu wako mzazi, mtoto anajua hilo.

Je walifurahi? Siku yenyewe haikwambii kitu, siku yenyewe wote wanaruka ruka. Mimi naangalia siku ya tatu. Kulwa alimwomba mwenzie "nichoree na mimi kidogo", hiyo sina wasiwasi nayo, ni tamaa ya kawaida. Ninachoogopa ni yule anayeacha kugusa chake. Anayeona kapunjwa mara nyingi halii, anakiacha tu kile alichopewa chini ya kitanda na kushinda anaangalia cha mwenzie. Ukiona hivyo ujue ulikosea dukani.

Haya, nikubali moja, shingo upande. Baiskeli. Sina hela ya baiskeli mbili na wengi wetu hatuna. Lakini hiyo nisingewapa siku ya bethdei nikasema zawadi yenu. Nimeileta Jumanne moja ya kawaida tu, nikasema hii ni ya nyumbani, kama redio. Na zamu sio za dakika, saa hawajaijua vizuri na hakuna wa kuwasimamia. Zamu ni kwenda mpaka ule mwembe na kurudi, mara mbili, shuka. Mwembe hauongopi. Mdogo wao Shija ana minne na nusu, naye anazungushwa na yeyote mwenye zamu, na siku ya bethdei ya dada zake yeye ndo anayebeba maboksi kuyaleta mezani. Simnunulii kifuta machozi. Siku yake ipo.

Jana kaka kafika Dar, kapiga simu anauliza watoto wanaenjoi gari? Nikamwambia gari lipo juu ya kabati, safari hii sio chini yake, linasubiri mwenzie. Akanyamaza. Akauliza kwa hiyo anunue jekundu au rangi nyingine. Nikamwambia jekundu hilo hilo kaka, na betri za akiba za yote mawili, na kabla hujalifunga liandike D kwa chini.