85 ya kwenye boksi si ruhusa ya kusikiliza kutwa

Nilikwenda Darajani kumtafutia binti yangu hedfoni, na kijana wa dukani akanitolea boksi lenye picha ya mtoto anacheka. "Chukua hizi mama, hizi za watoto, si unaona zimeandikwa 85? Hata akae nazo kutwa hazimdhuru." Kijana mwenyewe simlaumu hata kidogo, anauza alichoandikiwa. Ila neno "kutwa" nilirudi nalo nyumbani na hasira zake, kwa sababu mama wa pembeni yangu alilisikia, akalipa, akaondoka moyo mweupe.

Hiyo 85 ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na imetoka kazini kwa watu wazima. Taasisi ya Marekani ya afya za wafanyakazi, NIOSH, ndiyo iliyopendekeza mfanyakazi asizidishe desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Na wao wenyewe walikiri kwamba hata kwa kiwango hicho, baada ya miaka 40 ya kazi, wafanyakazi kama 8 katika kila 100 watakuwa wamepungukiwa na usikivu kwa sababu ya kelele. Mpaka huo ni wa mtu mzima aliye kazini, anayetoka jioni akapumzisha masikio. Leo tunaubandika kwenye hedfoni za mtoto wa miaka 8, tena bila ya kuandika saa.

Saa ndizo zenye habari yote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, walitoa kiwango cha vifaa vya kusikilizia. Mtu mzima amewekewa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto amewekewa 75 kwa saa hizo hizo 40. Lichukulie kama bando la wiki: kila ukipandisha desibeli 3, bando linakwisha mara mbili upesi. Kwa 78 mtoto ana saa 20, kwa 81 ana saa 10, kwa 84 ana saa 5. Ukifika 85 iliyoandikwa kwenye boksi, bando la wiki nzima ni saa 4.

Sasa mchukue mtoto wa kawaida wa hapa kwetu, anayesikiliza saa 2 kwa siku, katuni kidogo na hifdhi kidogo. Kwa wiki ni saa 14. Akisikiliza kwa 85 amekula zaidi ya mara tatu ya haki yake, na hedfoni zake ni "salama". Akishushwa hadi 78, saa zile zile 14 zinaenea na zinabaki. Hatukumkataza kitu, tumeshusha sauti tu.

Nimetaja hifdhi kwa makusudi. Wazee wengi ukiwaambia habari hizi wanadhani unasema muziki. Watoto wetu wanahifadhi kwa simu siku hizi, wanarudia aya ile ile kwa msomaji yule yule mara thelathini, hedfoni masikioni, na sisi tunafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini sikio halipimi kinachosomwa, linapokea nguvu ya sauti tu. Ndani yake mna chembe zenye vinywele vidogo mno, zinazoipeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Sauti kubwa huanza na zile zinazopokea sauti nyembamba za juu, baina ya herzi 3,000 na 6,000. Basi mtoto hawi kiziwi. Ukimwita anaitika, mlango ukigongwa anasikia. Kinachomponyoka ni sauti za kupuliza: s, sh, f, th. Mwalimu wa chuo anamsahihisha thaa na yeye anasikia sini, anamwambia swadi, anarudisha sini, na anaambiwa hashiki. Darasani vile vile, anasikia sauti lakini maneno hayamkai sawasawa, na kwa kuwa anaitika, hakuna anayefikiria masikio. Inaniuma sana kumfikiria mtoto anagombezwa kwa herufi ambayo haimfikii.

Na onyo la sauti kubwa linamwendea nani? Kwenye boksi limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Kwenye simu, pale linapotokea, linamtokea mwenye simu mkononi, naye ni mtoto, anabonyeza OK na kuendelea. Nakubali kwamba kwa mtu mzima lina faida yake. iPhone, kwa mfano, inahesabu usikilizaji wa siku saba na kukuarifu ukivuka, ila hesabu yenyewe ni ile ya 80 kwa saa 40, ya watu wazima.

Kwa hiyo funga sauti kwenye simu. Kwenye Samsung ingia Settings, Sounds and vibration, Volume, kisha bonyeza vidoti vitatu vya juu uchague Media volume limit, na hapo hapo uweke namba ya siri. Kwenye iPhone ipo Headphone Safety ndani ya Sounds & Haptics, unawasha Reduce Loud Audio na kuiteremsha hadi 75, kisha unaifunga kupitia Screen Time mtoto asiibadilishe. Simu nyingine za bei nafuu hazina sehemu hii, na hapo hedfoni zenye kikomo zinasaidia, mradi usizihesabu kuwa ruhusa ya kutwa.

Kosa linalofanyika ni kuweka nusu na kujiona umemaliza. Nusu ya mstari wa sauti si desibeli. Simu ile ile, kwenye nusu ile ile, hedfoni mbili zinaweza kupishana desibeli 10 au zaidi, kwa sababu moja inapaza kuliko nyingine. Lazima ujaribu kwa hedfoni anazovaa mtoto mwenyewe.

Mimi nilifanya hivi. Chumba kimya, hedfoni kichwani, nikasimama umbali wa mkono nikamwuliza jambo kwa sauti ya kawaida kabla ya kuwasha kitu, nijue kwanza kama zinaziba sikio. Alinisikia. Nikawasha kisomo anachokipenda, nikapandisha taratibu huku naendelea kumwuliza, mpaka akasema "Nini, mama?" Nikarudisha nyuma mpaka akanijibu vizuri, nikafunga pale. Simu nyingi zinaweka sauti ya waya mbali na ya blututhi, kwa hiyo nikajaribu njia zote mbili. Kipimo hiki ni cha kukisia, hakikupi desibeli kamili, lakini kinamweka mtoto mbali na hatari.

Atalalamika kwenye daladala, na ana haki, kwa sababu injini na kondakta wanaimeza sauti. Hapo ndipo wengi tunafungua kikomo. Usifungue. Mtafutie hedfoni zinazofunika sikio zima, kelele za nje zipungue, au avue mpaka ashuke. Akikwambia sikio linavuma au limeziba baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa kubwa mno, hata kama kesho yake limefunguka. Likiendelea kuvuma, mpeleke akapimwe masikio.

Na akinunuliwa hedfoni nyingine, rudia jaribio lote, kwa sababu kikomo ulichoweka kilikuwa cha zile za mwanzo.