Kumjibu mwenzako wa kazi aliyekutumia rambirambi

Hapa Nairobi mtu akifiwa na mzazi, jibu ambalo wenzake wa kazi hupata mara nyingi ni lile linalobandikwa katika kundi la WhatsApp baada ya mazishi: familia inawashukuru wote kwa maombi, michango na kufika kwenu, Mungu awabariki. Sina neno na tangazo hilo, kwa maana watu ni wengi na shukrani ya jumla ina mahali pake, kama vile familia nyingine zinavyotoa shukrani gazetini. Ninachokiamini ni kwamba yule aliyekuandikia peke yako, akamtaja marehemu mzazi wako kwa jambo analolikumbuka, anastahili kujibiwa peke yake, na jibu lake lianze pale pale alipomgusa mzazi wako.

Suala la wakati huwasumbua wengi bila sababu. Rambirambi humiminika katika siku zile ambazo mfiwa hana nafasi hata ya kula, kwa kuwa kuna vikao vya kamati jioni, kibali cha mazishi, gari la kusafirisha mwili na jamaa wa kupokelewa. Wakati huo inatosha kuandika, "Nimeupata ujumbe wako, dada, asante sana. Nitakuandikia tukishatulia." Kwa Waislamu, ambao huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na ambao matanga yao huwa ya siku tatu, utulivu huo huja upesi. Kwa wanaosafirisha mwili hadi nyumbani mashambani, huenda juma zima au zaidi likapita kabla ya maziko. Jibu lenyewe liandikwe baada ya hapo, na hakuna mtu mwenye utu atakayekuhesabia siku.

Nitatoa mfano nilioutunga, wa mtu aliyefiwa na mama yake. Anafanya kazi katika idara ya uhasibu, na mwenzake aliyemzidi umri amemwandikia hivi: "Pole sana mdogo wangu. Nimepokea habari za mama kwa majonzi makubwa. Sitasahau siku ile alipokuwa akikungoja pale mapokezi, akanieleza namna ya kukausha majani ya kunde yasipoteze ladha. Mungu amlaze mahali pema na awape subira. Marejesho ya kodi ya mishahara usiyawaze, nitayawasilisha mimi kabla ya tarehe 9. Ukihitaji chochote, niambie."

Ujumbe huu una mambo matatu: kumbukumbu, dua na kazi. Jibu la "Amina, asante sana" linaipokea dua na kuyaacha mengine mawili yakining'inia. Mimi ningeandika hivi:

"Dada yangu, ujumbe wako niliusoma siku ile ile, nikausoma tena tulipotoka makaburini, na sikutaka kukujibu kwa neno moja. Ile habari ya kunde mama alinisimulia njiani tukienda kituo cha basi. Alifurahi kwamba umeketi naye ukamsikiliza, na tangu hapo kila akinipigia simu alikuwa akiuliza, 'Yule mwenzako wa kunde hajambo?' Tulimzika Ijumaa nyumbani Kitui, kando ya baba, na majirani walijaa hadi barabarani. Amina kwa dua yako. Mimi naendelea, ingawa asubuhi bado ni nzito kwa kuwa ndio wakati aliozoea kunipigia. Asante kwa marejesho ya tarehe 9; nilikaa na ndugu zangu bila kuwaza kazi kwa sababu yako. Narudi Jumatatu. Ukipata nafasi, tule chakula cha mchana pamoja unisimulie siku ile ilivyokuwa kwa upande wako. Wasalimie watoto."

Sehemu iliyobeba uzito hapo ni swali la mama kwenye simu. Mwenzake alijua upande mmoja tu wa siku ile, na sasa anapewa upande asioujua, kwamba marehemu naye alimkumbuka. Zawadi hiyo anaweza kuitoa mfiwa peke yake, na ndiyo maana naipendekeza kuliko maneno kumi ya shukrani. Kama mwenzako hakuwahi kumwona mzazi wako, mpe jambo moja dogo la kumjulisha, kwa mfano kwamba mzee alikuwa fundi cherehani na shati ulilovaa siku ya usaili ndiye aliyelishona. Liwe moja, na liwe la kweli. Ukianza kumsifu marehemu kwa sifa zinazofaa kila marehemu, msomaji hamwoni mtu.

Kazi nayo itajwe kwa jina lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo, lakini haina likizo maalumu ya msiba, kwa hiyo siku za kuzika hutegemea mkataba na utu wa mwajiri, au hukatwa katika likizo hiyo ya mwaka. Kwa vyovyote vile, kuna mtu aliyebaki akifanya yake na yako. Marejesho yale yangechelewa, faini ingefuata. Kumwambia tu "asante kwa kunisaidia" ni kumpunja, ilhali kutaja tarehe 9 kunamwonyesha kwamba uliliona alilofanya.

Michango ni habari nyingine, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Mweka hazina wa kamati ameshathibitisha fedha zilizoingia kwa M-Pesa, na mara nyingi majina na viwango vimeshasomwa na kundi zima. Katika jibu lako usitaje kiasi. Ukikitaja, barua ya shukrani inageuka stakabadhi, na aliyetoa kidogo kwa kujinyima atajiona amepimwa. "Asante kwa kusimama nasi" inamtosha aliyetoa elfu kumi na aliyetoa mia mbili, na pia yule aliyekuja tu kuketi nanyi.

Kuhusu hali yako mwenyewe, sema kweli kwa sentensi moja. "Niko sawa kabisa" humfungia mlango mtu aliyebisha kwa upendo, na maelezo marefu ya usiku usiolala humwacha bila la kujibu. Akiuliza mzazi aliugua nini, nawe hutaki kulifungua, "Nitakueleza tukionana" ni jibu kamili, wala si utovu wa adabu. Na ile ahadi ya "ukihitaji chochote" ijibiwe kwa kitu anachokiweza, kama chakula cha mchana, ama kumpokea mteja fulani hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa aliyeahidi huwa anangoja kuambiwa na mfiwa huona haya kuomba.

Kwa mkuu wa idara jibu liwe fupi zaidi na la heshima zaidi, lakini utaratibu ni ule ule: jambo alilolisema, dua, kazi, siku ya kurudi. Na kama miezi imepita na bado hujamjibu mtu fulani, usianze kwa kujitetea kuhusu kuchelewa. Mwandikie, "Leo nimekumbuka ulichoniandikia kuhusu mama," kisha endelea na hicho alichoandika.