Upinde wa mvua, mwindaji na fuawe kaburini

“Mwalimu, Kalala Ilunga aliishi kweli, ama ni hadithi ya wazee tu?”

Mwanafunzi aliyeniuliza hivyo hapa Lubumbashi mwenyewe anaitwa Ilunga, kwa hiyo nilimjibu taratibu. Kwanza tuitazame hadithi yenyewe. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkali na mlevi, anawatawala Waluba, watu wa kusini mwa Kongo. Kutoka mashariki anafika Mbidi Kiluwe, mwindaji mwenye adabu, ambaye hali chakula mbele za watu. Anazaa na Bulanda, dada ya Nkongolo, na mtoto ni Kalala Ilunga. Kijana akishakuwa shujaa wa vita, mjomba anamwonea wivu. Anachimba shimo, anasimamisha mikuki ndani, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika mpwa wake acheze ngoma. Mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo. Kalala anakimbilia kwa baba yake, anarudi na jeshi, Nkongolo anakatwa kichwa, na ufalme wa Waluba unaanza upya chini ya Kalala.

Wanaosema hii ni ngano wana hoja nzito, nayo inaanzia kwenye majina. Nkongolo ni upinde wa mvua. Kiluwe ni mwindaji. Kalala ni cheo cha mkuu wa vita. Ukiyasoma hivyo, unabaki na upinde wa mvua, mwindaji na jemadari, na si lazima yeyote kati yao awe mtu mmoja aliyezaliwa siku fulani. Tena majirani zetu Walunda wanasimulia habari za Chibinda Ilunga, mwindaji mgeni aliyemwoa Lueji na kuanzisha ukoo wa kifalme. Mwindaji anayetoka mbali akaoa nyumbani kwa mtawala anapojitokeza katika falme mbili, yafaa kushuku kwamba ni umbo la kusimulia, lililopendwa kwa sababu linahalalisha ukoo mpya.

Hata hivyo hoja ya majina ina mpaka wake. Mtoto akiitwa Mvula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, hatusemi hayupo. Jina lenye maana halimfuti mtu. Linatuzuia tu kulitumia kama ushahidi kwamba aliishi.

Wanaosema aliishi kweli hukimbilia tarehe, na hapo ndipo wanaoanza huteleza. Vitabu vingine huweka mwanzo wa ufalme mnamo 1500, vingine 1585. Hakuna aliyeiandika miaka hiyo wakati huo. Hupatikana kwa kuhesabu wafalme kurudi nyuma. Chukua mfano: tuseme orodha ina wafalme 12 hadi 1870. Ukimpa kila mmoja miaka 20, unafika 1630. Ukimpa 30, unafika 1510. Miaka 120 imeyeyuka kwa kubadilisha makisio tu! Tena kwa Waluba, ndugu wa baba mmoja waligombania kiti, kila mmoja akisukumwa na ukoo wa mama yake, hivyo wafalme watatu wangeweza kuwa wa kizazi kimoja. Orodha nayo ilitunzwa na watu wa chama cha Mbudye, waliosoma shanga za ubao wa lukasa kwa kidole. Ubao huo ulikumbusha mengi, ila haukuwa na kalenda.

Mimi naamini zaidi kinachotoka ardhini, pale ambapo hakuna aliyetaka kutushawishi. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi mwaka 1957. Kazi ya baadaye katika bonde hilo la Upemba, pale Kamilamba, ilifunua kaburi la zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: marehemu amezikwa na shoka la sherehe lililopigiliwa misumari mpinini, na fuawe la chuma karibu na kichwa chake. Shoka la namna hiyo na fuawe ni alama za mamlaka zinazojulikana kwa Waluba wa karne ya 19. Basi ile sehemu inayosema heshima ya utawala ililetwa na mgeni kutoka mashariki inapata shida kubwa, maana alama zake zilikuwepo bondeni karne nyingi kabla ya tarehe yoyote inayotajwa.

Lakini kaburi nalo lina mipaka. Halina jina. Kiini cha ufalme wenyewe kilikuwa magharibi zaidi, kuelekea Lomami, kwa hiyo mtu wa Kamilamba hawezi kuitwa babu wa Kalala kwa uhakika. Linaonyesha mizizi ya desturi, halionyeshi nani alimshinda nani.

Nilimwambia Ilunga achore mistari miwili daftarini, mmoja wa yanayoaminika, mwingine wa yanayotiliwa shaka. Chini ya wa kwanza aliandika fuawe, shoka na ugomvi wa mjomba na mpwa juu ya kiti, jambo ambalo lingeweza kutokea mara nyingi. Chini ya wa pili aliandika upinde wa mvua na tarehe 1585. Alikaa muda mrefu na lile shimo la mikuki, kalamu hewani, halafu akaliandika katikati.