Rafu Ndiyo Daftari Lenyewe la Maabara

Wengi wetu tunaingia maabara kwa mafunzo ya vitendo tukiwa na tabia tuliyoitoa sekondari: vipimo tunaviandika kwenye karatasi ya rafu, kisha jioni tunanakili majibu kwenye kaunta buku kwa mwandiko wa kupendeza. Kwa maoni yangu tabia hiyo iachwe siku ya kwanza kabisa, kwa sababu nakala safi hubaki na jibu tu, huku njia iliyolileta jibu hilo ikitupwa pamoja na rafu.

Nasema hivyo kwa lililonipata mwenyewe. Nilikuwa katika maabara moja ya maji hapa Dar es Salaam, nikipima kloraidi katika maji ya visima vya Kigamboni, ambako ukaribu wa bahari hufanya chumvi kuwa jambo la kuangaliwa mara kwa mara. Unachukua mililita 50 za maji, unatia matone ya kromati ya potasiamu, kisha unadondosha nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya manjano ianze kugeuka kuwa ya wekundu wa matofali. Hesabu yake ni hii:

```
mg/L = (A - B) x M x 35450 / V
```

A ni mililita zilizotumika kwa sampuli, B ni zilizotumika kwa maji yaliyosafishwa peke yake, M ni nguvu ya nitrati ya fedha kwa molari, na V ni ujazo wa sampuli kwa mililita.

Maabarani kulikuwa na chupa mbili za nitrati ya fedha, zote zikiwa na lebo ya 0.0141. Wiki ya pili msimamizi wangu aliona mashapo meusi chini ya chupa moja, dalili kwamba mwanga umeifikia fedha, akaniambia niipime kwa myeyusho wa chumvi safi ya kloraidi ya sodiamu wenye nguvu inayojulikana. Mililita 10 za myeyusho huo, nao wa 0.0141, zilihitaji mililita 10.45 baada ya kutoa B, badala ya 10.00. Nguvu ya kweli ya chupa ile ilikuwa 0.0135. Lebo huonyesha nguvu aliyoikusudia mtengenezaji siku alipopima unga, na haibadiliki hata kilichomo ndani kikibadilika.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uifikishe kwenye jibu. Sampuli moja ilikuwa imetumia mililita 25.8 baada ya kutoa B. Kwa 0.0141 jibu ni miligramu 258 kwa lita, kwa 0.0135 ni 247. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloraidi ikizidi miligramu 250 ladha ya maji huanza kutambulika, kwa hiyo kisima kilekile kinaangukia upande huu au ule kulingana na chupa niliyoishika asubuhi ile.

“Mdogo wangu, hii 258 ilitoka chupa ipi?” msimamizi aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Kwenye kaunta buku langu kulikuwa na tarehe, jina la kisima na 258 iliyopigiwa mstari kwa rula. Sampuli za siku iliyofuata niliweza kuzirekebisha kwa dakika chache, kwa kuwa siku hiyo, kwa haraka tu, nilikuwa nimeandika moja kwa moja kwenye daftari usomaji wa bureti wa mwanzo na wa mwisho, pamoja na maneno “chupa ya dirishani”. Ukurasa ule ulikuwa mchafu, una doa la kromati na namba mbili zilizokatwa, lakini ndio uliookoa kazi.

Tangu hapo kila myeyusho naupa alama yake na ukurasa wake: uzito wa unga, tarehe, na matokeo ya kuupima kwa chumvi. Kila mstari wa sampuli unataja alama hiyo, ujazo, na usomaji wa bureti wa mwanzo na wa mwisho, si tofauti yake peke yake, kwa maana aliyekosea kutoa hesabu hawezi kugunduliwa ikiwa tofauti tu ndiyo iliyoandikwa. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, na pembeni naandika sababu. Wino uwe wa kalamu, na kurasa ziwe na namba kabla kazi haijaanza.

Kloraidi hukaa vizuri kwenye chupa ya plastiki kwa takribani wiki nne, kwa hiyo sampuli zilizobaki za siku ile nilizirudia. Tatu zilikuwa zimeshamwagwa, ile ya 258 ikiwamo. Niliporudi Kigamboni kuchota upya masika yalikuwa yameanza, na maji ya kisima baada ya mvua hayawezi kusimama mahali pa maji ya kabla yake. Katika ripoti, safu ya visima vile vitatu kwa tarehe ile ina vistari tu.