Jua kuwaka siyo kibali cha kupeleka watoto baharini

Tangu alhamisi grupu la wazazi linawaka moto. Mwalimu anayeratibu safari ya darasa la sita kutoka Dar kwenda Zanzibar katuma tangazo saa kumi jioni, safari ya jumamosi imefutwa kwa sababu ya upepo, na wenzangu wameanza kuposti picha za anga la bluu, eti mbona jua linawaka, mnatuibia hela.

Jamani, huu ni mwezi wa saba! Kusi haina haja ya wingu. TMA wametoa angalizo, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili ukanda wote wa pwani mpaka Unguja na Pemba, na jumamosi imo. MV Skagit ilizama mchana kweupe karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, upepo huu huu. Sawa, nakubali boti kubwa za abiria huenda zikasafiri, ila tangazo limelijibu hilo na naona watu wamelisoma juu juu. Ratiba ilikuwa watoto wakifika Forodhani wapande viboti vya mashine kwenda Changuu kuona kobe, watoto 42, na kurudi ni alasiri. Mimi nimeshapanda vile viboti bahari ikiwa imechafuka, maji yanaingia mpaka miguuni, mtu mzima unashika ubao kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka 11 atashika nini?

Hela sasa. Tulilipa 85,000. Mwalimu kaandika wazi kilichokwisha kutumika: tisheti 5,000, na 5,000 ya advansi ya kosta kule Unguja ambayo mwenye gari harudishi. Inabaki 75,000. Asiyetaka safari mpya anarudishiwa yote kwenye namba ileile aliyolipia, anayetaka anakatwa 45,000 na kupewa 30,000 yake. Hapo wizi uko wapi? Roho inaniuma kwa hiyo elfu kumi, lakini nimeonyeshwa imekwenda wapi.

Safari mpya ni Bagamoyo kwa basi, jumamosi ya wiki mbili zijazo, magofu ya Kaole na Mji Mkongwe, hakuna kupanda chombo chochote. Mvua kubwa ikitangazwa Pwani watatuambia ijumaa saa nne asubuhi. Wenye kulalamika kwamba Bagamoyo ni karibu, mbakize watoto nyumbani.

Binti yangu kalia, begi lilishafungwa tangu jumatano, biskuti na kofia ndani. Nimemkalisha nikamsomea angalizo lenyewe neno kwa neno, akauliza "mawimbi ya mita mbili yananipita?" Nikamsimamisha mlangoni, nikampima kwa mkono. Yanampita.

Ninachomdai mwalimu ni kimoja. Kaandika hela zitarudi "ndani ya siku chache". Mwalimu, tupe tarehe.