Dakika tatu kabla ya kitambaa kuvutwa

"Mkurugenzi anataka siku ya uzinduzi nikipanda jukwaani niwatie watu hamu kwanza, bidhaa ifunuliwe baadaye. Mimi naona niseme tu tumeleta nini, tuendelee. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Mkurugenzi wako pengine ameitazama video ambayo wakurugenzi karibu wote wameitazama: Steve Jobs akiitambulisha iPhone mjini San Francisco, Januari 9, 2007. Basi tuanzie hapo, maana ukiiangalia kwa makini inamtetea yeye, na inakutetea na wewe.

Watu hukumbuka kwamba Jobs aliwazungusha wasikilizaji. Wanachosahau ni muda. iPhone haikuwa jambo la kwanza siku ile; alikuwa ameshazungumzia kompyuta za Mac na Apple TV. Kisha akatulia, akasema hii ni siku aliyoingoja kwa miaka miwili na nusu. Sentensi moja, ya mtu anayesema habari zake mwenyewe, na ukumbi ukajua kinachokuja si cha kawaida. Akataja Macintosh ya 1984 na iPod ya 2001, vitu ambavyo waliokaa pale walivijua vizuri. Akasema leo analeta vitatu vya daraja hilo: iPod yenye kioo kipana cha kugusa, simu, na chombo cha mawasiliano ya intaneti. Akavitaja tena, akavitaja tena, mpaka watu wakaanza kucheka na kushangilia walipong'amua kwamba vitatu hivyo ni kimoja. Tangu ile sentensi ya kwanza hadi jina iPhone kutajwa, zilipita dakika kama tatu tu.

Sasa sikiliza makofi. Alipotaja iPod mpya, watu walipiga. Alipotaja simu, ukumbi ulilipuka. Alipotaja chombo cha intaneti, makofi yalipoa, kana kwamba watu wanauliza ndiyo nini hicho. Na tukitazama nyuma, hicho cha tatu ndicho kilichobadilisha matumizi ya simu kuliko viwili vya kwanza. Kwangu mimi hapa ndipo penye somo la kazi yetu: hamu hupanda juu ya kitu ambacho msikilizaji tayari ana picha yake kichwani. iPod aliijua, simu aliijua. Cha tatu hakikuwa na picha, kwa hiyo maneno mazuri hayakukisaidia.

Jambo jingine ambalo mkurugenzi wako anaweza kulipita: wale watu walifika wakiwa na hamu tayari. Uvumi kwamba Apple inatengeneza simu ulikuwa umezagaa muda mrefu. Jobs hakuiumba hamu ndani ya dakika tatu, aliikuta akaishika mkono. Wageni wako je? Kama nusu yao wamepewa kadi na ofisi zao na wanaulizana chakula kitaandaliwa saa ngapi, hakuna cha kushikwa mkono. Hapo unaanzia sifuri, na kuanzia sifuri kunataka maneno machache zaidi.

Upande wako una ushahidi mkubwa pia. Mwaka 2001, tangu Januari, Marekani ilizungumzia chombo cha siri cha mvumbuzi Dean Kamen. Hakuna aliyejua ni nini, na kadiri watu walivyokosa kujua ndivyo walivyokiongeza ukubwa vichwani mwao. Desemba 3 kikafunuliwa kwenye televisheni: Segway, kigari cha magurudumu mawili cha kusimamia. Kilikuwa uhandisi wa hali ya juu kweli, kinajisawazisha chenyewe. Lakini mtu aliyengoja miezi kumi na moja kitu cha kubadilisha miji akaonyeshwa kigari kilichokuja kuuzwa karibu dola 5,000, hawezi kukisifu hata kama kinastahili. Utengenezaji wake ulikoma 2020. Bei ilikiumiza, sheria za njia za waenda kwa miguu pia, lakini ile siku ya kwanza kiliumizwa na utangulizi wake.

Yangu mwenyewe ni ndogo zaidi, ila iliniuma. Niliwahi kufungua uzinduzi wa jiko la umeme la kampuni moja. Nilikuwa nimejiandaa: nikaeleza adha ya moshi na bei ya gesi, nikasema kilicho chini ya kitambaa hakijawahi kuonekana nchini. Watu walikuwa kimya, shingo zimenyooka. Halafu itifaki ikaingia kati. Utambulisho wa meza kuu, salamu za wadhamini, hotuba ya mgeni rasmi. Kama dakika arobaini baadaye ndipo kitambaa kikavutwa, na sauti kutoka viti vya nyuma ikasema, "Mbona haya yapo Kariakoo tangu wiki iliyopita!" Ukumbi ukacheka. Msambazaji alikuwa ameshapeleka mzigo dukani, na hakuna aliyeniambia.

Makosa yalikuwa mawili. La itifaki linatibika kirahisi: yote hayo yatangulie, utangulizi wako uje mwisho, na baada yake kisiwepo kitu ila bidhaa. Dalili ya kwamba hamu inavuja utaiona kwenye simu. Zikiinuliwa juu, watu wanangoja kupiga picha. Zikishuka mapajani na nyuso zikapata mwanga wa bluu, umeshachelewa.

La siri iliyovuja ni gumu zaidi, na hapa Jobs huyo huyo ana dawa. Mwaka 2010 iPhone 4 ya majaribio ilisahauliwa baa, picha zake zikaenea duniani wiki kadhaa kabla ya uzinduzi wa Juni. Alipopanda jukwaani hakujifanya. Aliwaambia wamsimamishe kama hiki wamekwisha kukiona. Watu wakacheka pamoja naye, kisha akawapeleka kwenye yale ambayo picha hazikuweza kuonyesha, kama ukali wa kioo kipya. Laiti ningejua, ningesema: "Wengine mmeshaliona Kariakoo. Leo mtaliona likipika."

Kwa hiyo mimi nasimama na mkurugenzi, lakini kwa masharti. Muulize kama bidhaa imeshaonekana popote, hata kwa mawakala. Muulize pia kama itafanya kazi palepale kitambaa kikivutwa, maana hamu ni deni, na jukwaani hulipwa taslimu. Kama jibu la pili ni kwamba ipo moja tu na betri yake haijakaa sawa, basi msimamo wako wa kusema tu mmeleta nini ndio salama.

Majibu yakiwa mazuri, utangulizi wenyewe hauna mengi. Tuseme ni jiko lile lile. Ningeanza: "Saa kumi na moja leo alfajiri nilikuwa jikoni kwangu nikichemsha maharage, na gesi ikakata." Nanyamaza kidogo. Kila mtu ana picha hiyo. "Mtungi wa akiba sina, duka halijafunguliwa, watoto wanakwenda shule. Nimeondoka nyumbani maharage yakiwa bado mabichi." Kisha nageukia meza yenye kitambaa: "Sufuria yenyewe nimekuja nayo." Hapo sitaji watt wala miaka ya dhamana, hayo ya fundi atakayenifuata. Sisemi "mapinduzi", sisemi "haijawahi kutokea". Kitambaa kinavutwa, sufuria inakaa juu ya jiko, swichi inawashwa.

Na umwambie mapema kijana wa muziki asipige chochote wakati ule. Watu waisikie sufuria ikianza kuchemka.